Pawabenki, waya na doki za Nintendo Switch: kipi ununue Kariakoo, kipi ukiache dukani

Pawabenki mbili zimekaa kwenye kaunta moja pale Aggrey, zote zimeandikwa 20,000 mAh, zote zina maandishi makubwa ya fasti chaji, na bei zinakaribiana. Moja itajaza Nintendo Switch huku unacheza gemu zito. Nyingine itaonyesha alama ya chaji kwenye kioo, lakini asilimia zitakuwa zinashuka polepole mpaka mashine izime. Tofauti yao haipo kwenye zile mAh. Ipo kwenye mistari midogo ya nyuma, ile ambayo watu wengi hawaisomi na muuzaji naye hana haja ya kukuonyesha.

Ili kuisoma mistari hiyo, jua kwanza kinachofanyika unapochomeka. Kwenye USB-C yenye mfumo wa PD, umeme hausukumwi tu kuingia kwenye mashine. Pawabenki inataja orodha ya ilivyo navyo: nina volti 5 kwa ampea 3, nina volti 9 kwa ampea 2, na kadhalika. Switch inasikiliza, inachagua inachokiweza, wanakubaliana, ndipo volti zinapanda. Ni kama kuelewana bei na mwenye duka: yeye anataja, wewe unachagua. Mazungumzo yote hayo yanapita kwenye pini moja ndogo iitwayo CC. Zisipoelewana, umeme unabaki kwenye volti 5, na hapo ndipo malalamiko mengi ya "haiingizi chaji" yanapoanzia.

Switch inahitaji kiasi gani hasa

Chaja ya Nintendo inayokuja na Switch ya kawaida, ile yenye namba HAC-002, ina lebo ya volti 5 kwa ampea 1.5, na volti 15 kwa ampea 2.6. Hiyo ya pili ni wati 39. Watu wakiona 39 hudhani mashine yenyewe inakula wati hizo. Sivyo. Ukiwa umeishika mkononi, Switch huvuta si zaidi ya wati 18 hivi, hata ukiipa chaja ya laptop ya wati 100. Zile 39 ni kwa ajili ya doki, kile kitako kinachoiunganisha Switch na runinga, ambako mashine inakimbia kwa kasi zaidi na doki yenyewe ina vyake vya kulisha.

Kiasi inachotumia wakati wa kucheza kinategemea una toleo gani. Betri ya Switch ya 2017 ni ya 4310 mAh, yaani takriban wati-saa 16, na Nintendo walisema inadumu kuanzia saa 2.5 hadi 6.5. Gawanya 16 kwa 2.5: gemu zito linakula kama wati 6.4. Toleo la 2019 lina betri ileile, ila chipu yake inatumia umeme mdogo kuliko ya awali, hivyo inadumu saa 4.5 hadi 9. Hapo gemu zito ni kama wati 3.6 tu. Toleo la OLED la Oktoba 2021 liko hapohapo na hilo la 2019. Kama umenunua mashine iliyotumika na hujui ni ipi, geuza nyuma usome: ya zamani imeandikwa HAC-001, ya 2019 imeandikwa HAC-001(-01). Yale mabano madogo yanakuongezea saa mbili au zaidi za kucheza.

Pawabenki: soma mstari wa Output, mengine baadaye

Sokoni Dar utakutana na aina nne. Jedwali hili linahusu Switch ya kawaida na OLED, si Switch 2, ambayo nitaigusa mwishoni.

| Kilichoandikwa kwenye tundu la USB-C | Mkononi, ukiwa unacheza | Kwenye doki ya Nintendo |
|---|---|---|
| Hakuna PD, au USB-C ni "Input" tu | Chaji inapanda polepole, inasimama au inashuka | Hakuna picha |
| PD, 9V/2A au 9V/2.22A (wati 18–20) | Inajaza vizuri | Hakuna picha |
| PD, 15V/2A (wati 30) | Inajaza kwa kasi yote | Hakuna picha |
| PD, 15V/3A (wati 45 au zaidi) | Inajaza kwa kasi yote | Picha inatoka |

Safu ya kwanza ndiyo yenye mitego. Pawabenki nyingi za bei ya chini zina tundu la USB-C linalopokea chaji tu. Ni la kuijazia pawabenki yenyewe, na umeme unaotoka unapita kwenye matundu mapana ya USB-A. Ukichomeka Switch kwenye hilo tundu la C, kimya. Tafuta neno "Input/Output" au "C1 Output" kwenye lebo, usitosheke na umbo la tundu.

Mtego wa pili ni ile namba 22.5W, ambayo siku hizi imejaa kila duka. Mara nyingi wati hizo 22.5 zinatoka kwenye tundu la USB-A, kwa lugha ya fasti chaji iliyotengenezwa kwa ajili ya simu za kampuni fulani fulani. Switch haiijui lugha hiyo, wala ile ya Quick Charge. Ikichomekwa kwenye tundu la A inajiona imeunganishwa na volti 5 za kawaida, inavuta kama ampea 1.5, basi. Hizo ni wati 7.5 kabla ya kupotea chochote njiani. Kwa toleo la 2017 linalokula 6.4, hapo umebakiwa na ziada ndogo sana, na waya mbaya utaimaliza. Lakini pawabenki hiyohiyo ya 22.5W inaweza kuwa na PD ya wati 18 au 20 kwenye tundu la C, nayo ikakufaa kabisa. Ndiyo maana namba kubwa ya mbele haikusaidii. Unatakiwa kujua ni ya tundu lipi.

Kwa mtu anayecheza mkononi tu, iwe kwenye mwendokasi kutoka Kimara kwenda Kivukoni, au sebuleni umeme ukiwa umekatika, pawabenki ya PD ya wati 18 au 20 inatosha. Kulipia wati 45 hapo ni kulipia kitu ambacho Switch haitakigusa. Wati 45 zina maana kwako kama una laptop inayochaji kwa USB-C, au unataka kuwasha doki bila umeme wa ukutani. Na hilo la doki lifikirie vizuri: umeme ukikatika runinga nayo imezima. Lina faida kama una runinga ndogo ya sola, au kioo cha kubebeka kinachojilisha chenyewe.

Kitu kimoja zaidi kuhusu matundu. Pawabenki nyingi zikiwa na mzigo mmoja hutoa kasi yote, ila ukichomeka kifaa cha pili zinaanza mazungumzo upya na kushusha matundu yote kwenye volti 5. Unacheza, chaji inapanda, mtu anachomeka simu yake pembeni, Switch inakatika sekunde moja na kurudi, na kuanzia hapo chaji inashuka. Pawabenki haijaharibika. Kama ulikuwa kwenye doki, picha inapotea palepale.

Hesabu ya safari: Dar hadi Mbeya

Chukua pawabenki ya 10,000 mAh halisi. Wengi hugawanya 10,000 kwa 4310 na kutegemea kujaza mara mbili na kitu. Hesabu hiyo haiji, kwa sababu zile mAh zinahesabiwa kwenye seli za ndani zenye volti 3.7, na njiani kuna ubadilishaji wa volti unaokula sehemu yake. Anza na wati-saa: 10 mara 3.7 ni wati-saa 37. Kinachofika kwenye tundu ni kama 30. Ndiyo maana pawabenki za kampuni zinazojiheshimu huandika "Rated capacity" ya 6000 mAh hivi kwa volti 5 kwenye bidhaa ya 10,000. Ile ndogo ndiyo namba ya kweli kwako, na kukosekana kwake kwenye lebo ni jambo la kukutia shaka.

Ndani ya Switch kuna upotevu mwingine wakati wa kuingiza chaji kwenye betri. Tukikadiria unabakiwa na wati-saa 25 zenye kazi, jumlisha na 16 zilizokuwa tayari kwenye betri ukipanda basi Mbezi, unapata 41. Kwa toleo la 2017 na gemu zito, 41 gawanya kwa 6.4 ni saa sita na nusu. Utapita Morogoro, Mbeya bado. Kwa toleo la 2019 au OLED, 41 gawanya kwa 3.6 ni zaidi ya saa kumi na moja. Pawabenki ni ileile, gemu ni lilelile, na aliyenunua toleo jipya hana haja ya kubeba pawabenki nzito.

Ukitaka kunyoosha zaidi, ichomeke mapema, betri ya Switch ikiwa bado juu, badala ya kusubiri ifike asilimia tano. Umeme unaotoka kwenye pawabenki na kutumika papo hapo unapoteza kidogo kuliko ule unaoingia kwenye betri kwanza halafu ukatolewa tena.

Kuhusu pawabenki za uongo: ipime kwa mkono. Ya 10,000 mAh ya kweli ina uzito wa gramu 180 hadi 230 hivi, ya 20,000 ni kuanzia 340 na kuendelea. Ukishika "30,000 mAh" nyepesi kama simu, ujue ndani hakuna seli za kutosha. Seli za lithiamu hazina namna ya kuwa nyepesi hivyo.

Waya: namba yake ni uwezo, si msukumo

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea pande zote mbili, kwa wanaonunua wa bei rahisi mno na kwa wanaonunua wa bei mbaya bila sababu.

Waya wa C kwa C uliotengenezwa kwa kanuni hubeba ampea 3 bila kitu chochote cha ziada ndani. Kwa volti 20 hizo ni wati 60. Ukitaka ampea 5, kichwa cha waya lazima kiwe na chipu ndogo inayojitambulisha kwa chaja, na chaja isipoiona inakataa kuvuka ampea 3. Waya hizo ndizo zinazoandikwa 100W au 240W. Je, zitachaji Switch haraka zaidi? Hapana. Switch mkononi inavuta kama ampea 1.2 kwa volti 15, na doki inataka 2.6. Zote ziko chini ya 3. Waya wa 240W kwa Switch ni kama kufunga bomba la inchi nne kwenye bomba la kuoshea vyombo.

Kinachobadilisha matokeo ni unene wa shaba na urefu. Chukua waya wa mita 2 ambao nyaya zake za umeme ni za saizi 28. Saizi hizi, zinazoandikwa AWG, zinakwenda kinyume: namba kubwa ni waya mwembamba. Shaba ya saizi 28 ina ukinzani wa takriban ohm 0.21 kwa mita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 4, yaani ohm 0.85. Ukivuta ampea 1.5 kwa volti 5, unapoteza volti 1.3 njiani na mashine inapokea 3.7. Hiyo haitoshi, na chipu ya kuchaji ndani ya Switch haitakubali kufika huko: ikiona volti zinazama, inapunguza mvuto wake. Tuseme inatulia kwenye volti 4.5. Hapo mvuto ni ampea 0.6 hivi, sawa na wati 2.6 au 2.7. Alama ya chaji inawaka, mwenye mashine anaona kila kitu kiko sawa, na gemu linakula 6.4.

Sasa ukipata waya wa C kwa C wenye shaba hiyohiyo nyembamba, na pawabenki ya PD ikakubaliana na Switch kwenye volti 15. Kufikisha wati 12 unahitaji ampea 0.8 tu. Unapoteza volti 0.7 kati ya 15, zinafika 14.3, hakuna shida yoyote. Hii ndiyo faida kubwa ya PD ambayo haisemwi sana: volti zikipanda, mvuto unapungua, na waya dhaifu unasamehewa. Mwenye tundu la USB-A ndiye anayepaswa kuchagua waya kwa makini zaidi, ingawa mara nyingi ndiye anayetumia waya wa buku mbili.

Kwenye ngozi ya waya mwingine utakuta maandishi kama haya:

```
28AWG/1P + 24AWG/2C
```

Sehemu ya kwanza ni nyaya za data, ya pili ni za umeme. Ya pili ndiyo usome: 24 au namba ndogo zaidi ni nzuri, 28 kwa mita 2 ni ya kuiacha. Kama hakuna maandishi, chagua mfupi. Waya wa sentimita 30 unaokuja kwenye boksi la pawabenki mara nyingi ni bora kuliko ule mrefu mzuri wa kusuka ulionunuliwa pembeni.

Waya wa A kwa C una hatari yake ya pekee. Kwa kuwa upande wa A hauna pini ya CC, kichwa cha C hubeba kizuizi kidogo kinachoiambia mashine ivute kiasi gani. Kanuni inataka kiwe cha kiloohm 56, maana yake "huu ni umeme wa USB wa kawaida, jihadhari". Viwanda vingine viliweka kiloohm 10, ambayo maana yake ni "vuta ampea 3 bila wasiwasi". Mashine ikiamini na kuvuta, tundu la A la ampea 1 au 2 linazidiwa: pawabenki inazima ghafla, au inapata moto. Mwaka 2015 na 2016 mhandisi wa Google, Benson Leung, alijipa kazi ya kupima waya hizi moja moja, na Februari 2016 waya mmoja uliofungwa nyaya vibaya ndani uliharibu laptop aliyokuwa anapimia. Waya wa namna hiyo huwezi kuujua kwa macho. Dalili utakayoiona ni pawabenki kuzima sekunde chache baada ya kuchomeka, lakini ukibadilisha waya inatulia.

Na usitegemee waya wa chaji kupeleka picha. Nyingi, hata za 100W, zina nyaya za data za USB 2.0 peke yake. Zinachaji vizuri kabisa, ila ukitaka kuunganisha Switch na doki ndogo kwa waya huo, runinga itaendelea kusema hakuna ishara.

Doki: ya Nintendo iliyotumika, au ndogo mpya ya bei poa?

Hapa nina upande. Kwa Switch ya kwanza na OLED, doki ya Nintendo iliyotumika ikiwa pamoja na chaja yake HAC-002 ni bora kuliko doki mpya isiyo na jina, hata bei zikilingana. Uzuri wa umbo si hoja. Hoja ni yale mazungumzo ya umeme.

Doki inafanya kazi mbili. Inapokea umeme na kuupitisha kwa Switch, na inapokea picha ya DisplayPort inayotoka kwenye USB-C na kuigeuza kuwa HDMI. Switch haikubali kutoa picha mpaka iridhike kwamba iko kwenye doki inayoifahamu na kwamba umeme unatosha. Ndiyo maana vigeuzi vingi vya USB-C kwenda HDMI vya laptop, ambavyo kwenye laptop havina kasoro, kwenye Switch havitoi chochote.

Doki za bei rahisi huanguka kwenye sehemu tatu. Ya kwanza ni hesabu ya umeme. Doki au habu nyingi hujitengea sehemu ya wati kwa ajili yao na matundu yao ya USB, kisha huitangazia mashine kilichobaki. Ukiilisha chaja ya wati 30 ya volti 15 kwa ampea 2, Switch inaweza kuambiwa kuna ampea 1 tu. Inachaji, lakini picha haitoki, na mnunuzi anarudi dukani akisema doki ni mbovu. Kabla ya kuihukumu, ijaribu na chaja yenye 15V/3A. Ikitoa picha, doki ilikuwa nzima.

Ya pili ni joto. Chipu inayogeuza picha hupata moto, na kwenye kiboksi cha plastiki kisicho na matundu ya hewa hakuna pa kuutolea. Dalili yake inajirudia vilevile kila siku: picha inakuja safi, baada ya dakika ishirini au thelathini inaanza kumeta vidoa au kupotea, unazima, inapoa, inarudi. Nintendo wanataja mazingira ya nyuzi 5 hadi 35 na unyevu wa asilimia 20 hadi 80. Dar mwezi wa Februari, ndani ya kabati la runinga lililofungwa nyuma, tayari uko ukingoni kabla hata hujawasha. Itoe nje ya kabati.

Ya tatu ndiyo inayoua mashine. Pini za USB-C zimepangana kwa nusu milimita, na pini ya umeme mkuu iko jirani kabisa na CC. CC ni ya mazungumzo, haikuumbwa kupokea volti 9 wala 15. Doki ambayo kichwa chake kimelegea, au ambayo inapandisha volti bila kufuata utaratibu, inaweza kuigusisha CC na volti hizo. Kinachoungua ni chipu ya ndani ya Switch inayosimamia makubaliano ya umeme, M92T36, ambayo mafundi wa Switch wanaijua kama jina la jirani. Machi 2018, baada ya toleo la 5.0.0 la programu ya Switch kutoka, watumiaji waliripoti mashine zao kufa zikiwa kwenye doki za kampuni nyingine. Doki zilikuwa zilezile za jana. Kilichobadilika ni upande wa pili wa mazungumzo, na doki iliyokuwa inabahatisha ikabahatisha vibaya.

Kwa hiyo ukikagua doki dukani, ingiza Switch na uitikise kidogo kwa vidole viwili. Ikicheza mbele na nyuma kiasi kwamba alama ya chaji inakatika na kurudi, iache hapohapo. Angalia pia kichwa cha doki iliyotumika kwa tochi ya simu: weusi kati ya pini ni moto uliopita, ukijani ni chumvi, na kwa vitu vilivyokaa karibu na bahari, Kigamboni au Msasani, huo ukijani si wa nadra. Pini zenye kutu ya namna hiyo zisichomekwe kwenye mashine nzima.

Kupima badala ya kukisia

Kipima cha USB-C, kile kidogo chenye kioo kinachochomekwa kati ya waya na mashine, kinamaliza ubishi wote huu. Hakikisha ni cha C kwa C na kinapitisha PD. Shusha Switch hadi asilimia 30 au chini, maana ikikaribia kujaa hupunguza mvuto yenyewe na utadanganyika. Fungua gemu zito, chomeka, subiri sekunde kumi, soma.

Ukiona volti karibu na 15 na ampea karibu na 1, au volti 9 na ampea zaidi ya 1, pawabenki na waya vimeelewana na mashine. Ukiona volti 5 na ampea 1.5, hakuna PD hapo: ama umetumia tundu la A, ama pawabenki haina. Ukiona volti chini ya 4.7 na ampea haifiki 1, badilisha waya kabla ya kulaumu kingine.

Kuna usomaji mmoja mbaya. Ukiwa na chaja ya PD unayoiamini na waya unaouamini, vyote vimejaribiwa kwenye kifaa kingine na volti zikapanda, kisha Switch inabaki kwenye volti 5 na mvuto wa kama ampea 0.4, haipandi, na doki haitoi picha. Hapo tatizo limehamia ndani, na ya kwanza kushukiwa ni M92T36 au tundu lenyewe. Lakini kabla ya kwenda kwa fundi, chomoa chaja ukutani na kwenye mashine, subiri sekunde 30 au zaidi, kisha anza upya kwa kuchomeka ukutani. Chaja ya HAC-002 hujifunga yenyewe baada ya umeme kurukaruka, na kwetu umeme unaporudi baada ya kukatika mara nyingi hurudi kwa kishindo. Ikigoma, peleka kwa fundi mwenye hadubini na mashine ya hewa ya moto, na umwambie namba ulizozisoma. Fundi anayetaka kubadilisha betri kwanza bila kupima hajakusikia.

Kama ni Switch 2

Iliyotoka Juni 2025 ina betri ya 5220 mAh, na chaja yake hufika wati 60, volti 20 kwa ampea 3. Chaja ya zamani ya wati 39 itaijaza ukiichomeka moja kwa moja, ila haiwezi kuendesha doki yake mpya, na doki ya zamani haiipokei kabisa. Kwa pawabenki ya mkononi, fuata ushauri uleule wa PD, ila nenda wati 30 badala ya 20, kwa sababu inadumu saa 2 hadi 6.5 na gemu zito linakula karibu wati 10. Kwa doki, lebo ya pawabenki lazima iwe na 20V/3A kwenye tundu moja, si jumla ya matundu mawili. Na doki za kampuni nyingine zilizoandikwa tu "for Switch", bila kutaja Switch 2, usizinunue kwa kubahatisha.